Vyumba 40 na Shemeji wa Sae

Mimi nilichaguliwa kuwa katibu wa chama chetu cha wakulima wa parachichi kwa sababu nina mwandiko mzuri. Hakuna aliyeniambia kwamba katibu ndiye anayepatana bei na hoteli kwa imeili. Mkutano mkuu wenyewe wakaupanga usiku wa tarehe 3, 4 na 5 Agosti, hapahapa Mbeya, wiki ya Nane Nane, wakati viwanja vya John Mwakangale vimefurika na hata kochi la sebuleni linapata mpangaji. Mwenyekiti akasema, "Katibu, tutafutie vyumba 40, bei ya kikundi." Akaondoka.

Nikamwandikia dada wa mauzo wa hoteli moja hapa mjini. Bei ya ubaoni ilikuwa 90,000, chumba na chai ya asubuhi. Akajibu siku hiyohiyo: "Mheshimiwa Katibu, kwa kuwathamini, tutawapa 75,000." Mheshimiwa! Nyumbani kwangu hata mbuzi haniiti hivyo. Nikataka kujibu "tumekubali" palepale, ila mhazini wetu, mama mmoja wa Makete asiyecheka mbele ya tarakimu, akanishika mkono. "Soma chini." Chini, kwa herufi za ukubwa wa mbegu ya mchicha: bila VAT. Tukapiga hesabu. 75,000 ukiweka asilimia 18 ni 88,500. Na ile 90,000 ya ubaoni ilikuwa na VAT ndani yake! Heshima yote ile ilikuwa ya shilingi 1,500.

Basi tukavutana. Imeili zikarudi na kwenda mpaka kichwa cha habari kikawa RE: RE: RE: RE: kama bajaji isiyowaka asubuhi ya Julai. Mwisho tukafunga 78,000, VAT ndani. Vyumba 40 kwa usiku tatu ni hesabu ya 120, yaani 9,360,000. Nusu ilipwe ifikapo tarehe 15 Juni, la sivyo vyumba vinaachiwa bila kupigiana simu. Hiyo nusu nusura initoe roho, maana hundi yetu inataka saini tatu, na mwenye saini ya tatu alikuwa msibani Ludewa. Tuyaache hayo. Ililipwa tarehe 14 jioni.

Nilichokuja kulalamikia ni kipengele cha 7.

Kipengele cha 7 kilisema tukitumia pungufu ya asilimia 90 ya vyumba tulivyoshikiwa, tunalipia pengo kama vile tumelala. Nikamwandikia: dada yangu, hawa ni wakulima, mvua ikinyesha hawaji, isiponyesha wanamwagilia. Akashuka hadi 80. Ina maana vyumba 32 kila usiku ni vyetu, tulale tusilale. Mhazini akaninong'oneza niombe sentensi moja zaidi: kwamba chumba tulichokiacha kikiuzwa kwa mtu mwingine, au usiku ule hoteli ikijaa, hatudaiwi. "Hawawezi kuuza kitanda kimoja mara mbili," akasema. Dada wa mauzo akakaa kimya siku nne. Siku ya tano akaandika "sawa" tupu, bila Mheshimiwa.

Halafu ikaja tarehe ya mwisho ya majina, 20 Julai, wiki mbili kamili kabla. Chumba kisicho na jina siku hiyo kinarudi sokoni. Nilipiga simu Njombe, Tukuyu, Mbozi, nikabembeleza kama naomba mchango wa harusi. Wakatuma majina 31. Nikajifariji: vile 9 vimeachiwa, basi vimetoka mikononi mwetu. Kumbe! Kuachia chumba hakukuachii deni. Hoteli inapata ruhusa ya kukiuza, lakini wewe unabaki umeahidi 32 zako, isipokuwa mkataba useme kwamba tarehe ile inafuta ahadi. Wetu haukusema. Nilikisoma kifungu hicho mara tatu na kila mara kilizidi kuwa cha kweli.

Mkutano ukafika. Kati ya 31, watatu hawakulala. Mmoja alikuja, akala chakula cha mchana, akasaini posho ya malazi, akaenda kulala kwa shemeji yake Sae. Anasema kwa shemeji kuna ugali wa moto. Wawili walilala hotelini humohumo! Lakini walikuwa wamejikatia chumba kwenye simu, eti mtandaoni waliona 74,000. Wakaja kunionyesha kwa furaha, kama watoto walioiba embe. Kwenye vitabu vya hoteli wale hawakuwa wetu. Walikuwa watalii.

Wiki iliyofuata nikapokea ankara. Tumelala vyumba 28, tumeahidi 32, pengo ni vyumba 4 kwa usiku tatu, hesabu 12, shilingi 936,000. Mwenyekiti alipoona akaniangalia kama vile mimi ndiye shemeji wa Sae.

Usiku ule sikulala. Nikawakumbuka wajumbe wawili wa Rungwe, wale waliochelewesha majina wakaja tarehe 4 saa mbili usiku na mabegi kichwani. Mapokezi waliwaambia nini? "Pamejaa, wazee." Wakaishia gesti moja Mwanjelwa, wakanilaani hadi alfajiri. Laana ile sasa ilikuwa ushahidi! Nikaandika imeili bila matusi, kitu ambacho kwangu si kidogo: naomba ripoti ya vyumba ya kila usiku, tarehe 3, 4 na 5, na orodha ya wageni wote tuilinganishe na majina ya wajumbe wetu.

Ripoti ikaja. Tarehe 4 na 5 hoteli ilijaa mpaka chumba cha mwisho, kwa hiyo usiku hizo mbili hakuna aliyepata hasara. Ikabaki tarehe 3 tu, palipokuwa na vyumba vitupu sita. Vinne vyetu hivyo, 312,000. Kisha orodha ya wageni ikawatoa hadharani wale watalii wetu wawili. Nikaomba wahesabiwe kwenye vyumba vya kikundi, maana kitanda walilalia na chai walikunywa. Hilo halikuwa kwenye mkataba, nilikuwa naomba tu. Dada akakubali, nadhani kwa uchovu. Vikabaki viwili: 156,000.

Nikaingia ofisini kwa mwenyekiti kifua mbele. Nimetoa 936,000 hadi 156,000! Akasema, "Na hiyo 156,000 anaitoa nani?" Huyu wa Sae alishakula posho ya malazi na hapokei simu.

Tena mimi nilikuwa na langu moyoni. Mkataba ulitupa chumba kimoja cha bure kwa kila vyumba 20 vinavyolipiwa. Vyumba 40, viwili vya bure: kimoja cha mwenyekiti, cha pili nilijiandika mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri. Nilishamwambia mke wangu kwamba usiku tatu nitaoga maji moto ya bombani na asiniwekee sufuria jikoni. Lakini bure huhesabiwa kwa vyumba vilivyolaliwa, na 28 haifiki 40 hata ukiivuta masikio. Jioni ya tarehe 3 mapokezi wakanipa habari kwa tabasamu. Nikapanda daladala ya mwisho kwenda Uyole, begi mapajani, na baridi ile mnaijua. Mke wangu akafungua mlango.

"Mheshimiwa," akasema, "maji sikuweka."