Marejeleo ya Kawaida

Mwongozo wa tasnifu wa idara yetu umetumia kurasa nyingi kueleza upana wa pambizo, rangi ya jalada na mahali pa kuwashukuru wazazi, lakini kuhusu marejeleo umetoa sentensi moja tu: mtahiniwa afuate utaratibu wa kawaida wa kitaaluma. Mimi nimekulia Kirumba, na ninajua kwamba mtu akifika soko la Mwaloni akaomba samaki wa kawaida, muuzaji atamtazama kwa huruma kabla ya kumuuliza kama anataka sato, sangara au dagaa.

Nilikwenda kuuliza. Karani aliniambia, "Baba, wewe andika tu kama wanavyoandika wenzako." Wenzangu wanaandika kila mmoja lake. Msimamizi wangu wa kwanza anaamini kwamba utaratibu wa kawaida ni Harvard, yaani jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano. Wa pili, ambaye alisomea historia, anataka tanbihi chini ya ukurasa kama wanavyofanya watu wa Chicago, na huwazungumzia wenye mabano kwa upole ule tunaowazungumzia nao wagonjwa.

Ningeichukua Harvard nikalale, isipokuwa Harvard haina mwenyewe. Ni jina la jumla la mtindo wa mwandishi na mwaka, na hakuna kitabu kimoja kinachoutawala. Kila chuo kina Harvard yake. Chukua ripoti ya FAO ya mwaka 2020 kuhusu hali ya uvuvi duniani, ambayo katika tasnifu yangu ya sangara haikwepeki. Harvard moja inaweka mwaka ndani ya mabano, nyingine inauacha nje. Moja inadai mji wa uchapishaji, nyingine haina habari nao. Mtahini wa nje akiniuliza kwa nini Roma imetokea hapa na kule haikutokea, nitamwonyesha ukurasa gani?

Kwa hiyo nimechagua APA, mtindo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, toleo la 7, la mwaka 2020, si kwa sababu ni zuri kuliko mengine, bali kwa sababu lina kitabu, na ndani ya kitabu kuna kanuni ninayoweza kuitaja. Toleo hilo limefuta mji wa uchapishaji, na mwandishi akiwa ndiye mchapishaji, jina lake halirudiwi. Ripoti yangu sasa inakuwa FAO, mwaka, kichwa cha habari kwa italiki, kisha `https://doi.org/10.4060/ca9229en`, basi. Kwenye Zotero, programu inayonipangia marejeleo, nimechagua `American Psychological Association 7th edition`, nami sibadilishi hata nikinuniwa.

Namba ya toleo si mapambo. Katika toleo la 6 mji ulikuwa wa lazima, kwa hiyo anayenakili orodha ya kaka yake aliyehitimu zamani anachanganya matoleo mawili bila kujua. Namna ya kumgundua ni rahisi: tafuta neno "Dar es Salaam" katika orodha yake ya marejeleo, na ukilikuta likifuatwa na jina la nchi, nukta pacha na jina la mchapishaji katika vitabu vingine huku vingine havina, umeshamkamata.

Hata hivyo, kitabu hicho nacho kina visa vyake. Kuhusu sheria, APA inafuata mwongozo wa wanasheria wa Marekani, ambao haukuandikwa kwa kuifikiria Sheria ya Uvuvi, Na. 22 ya mwaka 2003, ninayoitaja karibu kila sura. Hapo imenibidi kutunga kanuni yangu: jina la sheria, namba, mwaka, na nchi mwishoni, vivyo hivyo kwa kila sheria ya Tanzania. Sioni ubaya wa kutunga. Ubaya ni kutunga kimyakimya, halafu msomaji akadhani umesahau.

Ndiyo maana mwishoni mwa sura ya mbinu nimeandika hivi: "Kwa kuwa mwongozo wa idara hautaji mtindo mahususi, kazi hii imefuata APA, toleo la 7 (2020). Sheria za Tanzania zimeorodheshwa kwa jina, namba, mwaka na nchi, kwa sababu mtindo huo hauna mfano unaozihusu." Msimamizi wa kwanza alisema yanatosha. Wa pili alisema yangependeza zaidi yakiwa katika tanbihi.

Aya hiyohiyo nilimtumia mratibu wa masomo kwa barua pepe, nikamwomba aniambie kama ana pingamizi. Alijibu, "Sawa." Nimeichapa barua hiyo ikiwa na tarehe yake na kuiweka kwenye viambatisho, maana nasikia mratibu anahamia Dodoma.