Herufi zikiruka kwenye meseji, tulaumu mtandao?

"Meseji yangu imefika na mapengo. Ni mtandao mbovu, au mimi ndiye niliyekosea kuandika?"

Angalia ukubwa wa pengo. Mtandao dhaifu haudokoi herufi moja moja. Meseji ya kawaida ya simu inasafiri kama furushi lenye herufi zisizozidi 160, na furushi hilo hukaguliwa njiani: likiharibika hukataliwa, kisha hutumwa upya. Litafika zima, litachelewa, au halitafika kabisa. Kwa hiyo "usimpe" ikisomeka "umpe", mimi namtazama mwandishi au simu yake inayojisahihishia maneno. Silabi ile "si" haikudondoka hewani.

Lakini wanaolaumu mtandao nao wana hoja, tena nzito, pale meseji inapokuwa ndefu. Ikizidi herufi 160, simu huikata vipande vya herufi 153 kila kimoja, kwa sababu nafasi iliyobaki huchukuliwa na namba za kuviunganisha. Kila kipande husafiri peke yake. Dada yangu aliwahi kunitumia maelekezo ya dawa za mama, herufi kama 380 hivi, yaani vipande vitatu. Kwenye simu yangu ya zamani nilisoma: "asubuhi mpe viwili baada ya ku", halafu papo hapo "mpaka arudi kliniki". Neno "kula" lilikatwa katikati, na kipimo cha jioni chote hakikuwepo. Nilimpigia. Kwake meseji ilikuwa kamili, herufi kwa herufi. Kipande cha pili ndicho kilichopotea, na hapo dada hakuwa na kosa lolote. Simu nyingine hazionyeshi kitu mpaka vipande vyote vitimie, nami naona hiyo ni salama zaidi kuliko maelekezo ya dawa yenye shimo katikati.

Kuna mahali pande hizi mbili zinakutana, na watu wengi hawapajui. Ukiandika "ng’ombe" kwa alama iliyopinda (’) badala ya iliyonyooka ('), alama hiyo haimo katika herufi za msingi za meseji. Simu nyingine huinyoosha zenyewe. Isiponyooshwa, meseji nzima hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande. Maelekezo yale ya dada yangekuwa vipande sita badala ya vitatu, na kila kipande kinachoongezeka ni nafasi nyingine ya kupotea. Na mfumo wa njiani usioijua alama hiyo huweza kuigeuza kuwa "?". Hilo si kosa la mwandishi, wala halitokani na mnara kuwa mbali.

Kabla hamjalaumiana, mwombe aliyetuma akusomee nakala iliyobaki kwenye simu yake. Kosa likiwepo hata huko, ni la uandishi. Kama kwake ni kamili, hesabu herufi ulizopata kabla ya pengo: zikiwa 153 au 67 kamili, au mara mbili au tatu ya idadi hiyo, huenda kuna kipande kilichopotea.