Chati ya tonado: kipi hasa kinakula bajeti ya kisima?

Chati ya tonado haina uchawi. Unachukua makadirio yako, unasogeza kitu kimoja toka hali nzuri mpaka hali mbaya huku vingine umeviacha palepale, unaandika jumla imetoka wapi imefika wapi, unakirudisha, unahamia kingine. Kila kimoja kinapata baa iliyolala, ndefu juu fupi chini, ndo linatokea umbo la kimbunga.

Tuseme kisima cha kijiji: mita 100 kwa 120,000 kila mita, hiyo milioni 12, pampu na sola milioni 8, tangi na mnara wake milioni 5. Jumla 25. Sasa wengi wanaleta uvivu, wanapandisha na kushusha kila kitu asilimia 10, basi kina na bei ya mita vinatoka na baa sawasawa, milioni 2.4 kila moja. Hapo chati imekwambia tu kipi kina hela nyingi, na hilo ulishaliona kwenye bajeti. Wanaosema tonado ni pambo la ripoti, hapa nawaunga mkono.

Ila kaa na mchimbaji umuulize. Atakwambia bei inacheza 110,000 hadi 125,000 basi, lakini maji mnaweza kuyakuta mita 80 au 150, mwamba hauna adabu. Ghafla kina peke yake kinaitoa jumla 22.6 na kuifikisha 31, baa ya milioni 8.4, wakati bei ya mita ni milioni 1.5 tu. Yaani wiki nzima ya kubishana apunguze elfu tano kwa mita inaokoa laki tano, na huku hela ya kupima maji ardhini kabla ya kuchimba mmeikata (upimaji hauleti maji juu, sawa, ila unapunguza kubahatisha).

Wapinzani bado wana hoja moja nzito. Pampu ikisogezwa peke yake, milioni 7 hadi 10, inafikisha jumla 27 tu, lakini kisima kikienda mita 150 pampu kubwa ni lazima, vinapanda pamoja, na jumla inakuwa 33. Hiyo namba haipo popote kwenye chati. Kwa hiyo mimi naitumia kujua nianze kuchunguza wapi, ncha ya baa ya juu siipeleki kwa mfadhili kama ndo hali mbaya kabisa.

Kwenye muda inadanganya zaidi. Kuchimba na kufunga pampu siku 20, mnara unajengwa sambamba siku 14, ukichelewa siku 5 mradi hausogei hata kidogo na baa yake ni sifuri. Ukichelewa 10 mradi unasogea siku 4. Aliyeweka mwisho siku 5 ataona mnara hauna neno, kumbe amesimama siku moja tu kabla haujaanza kumchelewesha.