"Nzuri" ya shangazi haikuwa ya mguu wake

Wiki iliyopita nilimpeleka shangazi yangu kwenye kituo kimoja cha afya hapa Dodoma mjini. Alikuwa ametoka Mvumi na gari la alfajiri, mguu wa kushoto umevimba hadi kandambili haiingii, kitenge amekishusha chini ili watu wasiuone. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja na nusu. Ilipokaribia saa nne tukaitwa ndani. Kijana aliyekuwa mezani, macho bado yako kwenye daftari, akasema, "Habari, mama." Shangazi akajibu, "Nzuri, baba." Kijana akainua uso. "Sasa kama ni nzuri, umefuata nini hapa?"

Waliokuwa mlangoni wakacheka. Shangazi naye akacheka kidogo, kwa aibu, halafu akafunga mdomo. Kuanzia hapo kila alichoulizwa alijibu "ndiyo" au "hapana" basi, na mimi nilipotaka kusema niliambiwa mgonjwa aongee mwenyewe. Tulitoka na panadoli. Mguu haukuangaliwa.

Nimeshindwa kuliacha jambo hili lipite. Yule kijana alimsalimia, na yeye akamjibu salamu. Kisha akageuza salamu yake kuwa swali la daktari baada ya kusikia jibu, na kumlaumu mama wa watu kwa kutojibu swali ambalo hakuulizwa.

Tulitazame hilo "nzuri" lenyewe. Nzuri ni nini? Ni habari. Neno linafuata habari, si mtu. Shangazi angekuwa anausema mwili wake angesema "mimi mzima" au "sijambo". Hakusema hivyo. Alisema habari ni nzuri, maana ndivyo neno lile linavyojibiwa, na ndivyo alivyofundishwa kwao tangu utotoni alipokuwa anajifunza Kiswahili juu ya Kigogo chake.

Habari tumeipata kwa Waarabu, na maana yake ya kwanza ni ileile ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku: yaliyotokea huko. Mtu akifika kutoka mbali aliulizwa "Habari gani?" kwa sababu yeye ndiye aliyeyaona ya huko, na alitakiwa aseme kweli. Baadaye "gani" ikadondoka, swali likaanza kuulizwa hata jirani uliyeachana naye jana jioni, tukaongeza za asubuhi, za kazi, za siku nyingi, za tangu juzi. Leo dereva wa bajaji anakuuliza habari huku ameshaondoa gari. Swali limezoeleka hadi limeacha kungoja jibu.

Lakini halijafa, na hapa ndipo ninapogombana na wanaosema salamu zetu ni kelele tupu. Sikilizeni watu wazima wanavyosalimiana sokoni Majengo, au pale stendi mtu anaposhuka kwenye gari la Kibaigwa:

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Mzee je?"

"Yupo, nzuri tu, ila juzi tumefiwa na mdogo wake."

Nzuri, ila tumefiwa. Mgeni akisikia hivyo atadhani mtu kachanganyikiwa. Hajachanganyikiwa hata kidogo. Ile "nzuri" ya kwanza imeshakuwa kama dua: kwetu hufungui mdomo kwa msiba, unaanza kwa kheri. Yaliyotokea yenyewe yanakuja nyuma ya "ila". Na "ila" haiji kwenye zamu ya kwanza. Inakuja ya tatu, ya nne, mwenzako akishaona kwamba umesimama kweli na hujageuza shingo. Anayekata salamu kwenye "nzuri" ya kwanza hajasikia kitu bado. Shangazi alikuwa na "ila" yake mdomoni. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, niliona jinsi alivyovuta pumzi kuianza.

Salamu ninayoipenda kuliko zote, na inayoniuma zaidi tulivyoiachia watoto wa shule, ni hujambo. Ndani yake mna "jambo", na kabla ya jambo mna ukanushi: huna jambo? Yaani, hakuna lililokupata? Anayeuliza ameshaweka jibu analoliombea ndani ya swali lenyewe, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa huku anaomba asikute kilio. Ni swali na ni baraka kwa pamoja. Nawe unajibu sijambo, halijanipata jambo.

Sasa jaribu kujibu kinyume. Mwenye jambo aseme nini? Hakuna "nijambo". Hakuna mtu aliyewahi kusema "najambo". Lugha haikutengeneza umbo la kukubali, kwa hiyo hata mwenye homa anasema sijambo, kisha anatafuta njia nyingine ya kulitoa lililomo. Darasani mwalimu akiuliza "Hamjambo?" darasa zima linaitikia "Hatujambo!", na mtoto anayetetemeka kwa malaria kwenye dawati la nyuma anaitikia nao. Mwalimu mwenye jicho anamtambua kwa sauti inayochelewa, si kwa neno.

Mazoea hayo yamelibadilisha neno lenyewe kwa ndani, na ushahidi tunao midomoni kila siku. Mgonjwa wako akipata nafuu unasema "leo hajambo kidogo". Fikiria "kidogo" hiyo. Kama hajambo bado ingekuwa na maana ya kutokuwa na jambo, "kidogo" isingekaa hapo. Mtu hawezi kukosa jambo kidogo. Inakaa kwa sababu masikio yetu yameacha kusikia ukanushi. Sasa hajambo ni hali, kama uzima, inayoweza kuwa kidogo au sana. Wazee wanaivusha hadi kwenye vitu visivyoumwa kabisa. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mzee akitazama uwele wake uliosimama vizuri atakwambia "mwaka huu mvua haijambo". Hana maana kwamba mvua haina habari mbaya. Ana maana imenyesha vya kutosha, tutakula.

Ndiyo maana naamini hujambo ilikuwa na nguvu kuliko habari pale penye ugonjwa. Inamgusa mtu, si taarifa zake. Shangazi angeulizwa "Hujambo, mama?" angeweza kusema "sijambo kidogo tu, baba", na hapo daktari yeyote mwenye masikio ameshapewa pa kuanzia. Kwa habari, hakuna pa kuingilia: "nzuri kidogo" ya mtu wa Mvumi huwezi kuisikia.

Nyingine zimekwenda njia hiyohiyo. Kwaheri ilikuwa maneno mawili, kwa heri, nenda na heri. Leo tunaaga kundi kwa "kwaherini", tumeibandika "ni" ya kuwaita watu wengi kana kwamba ni kitenzi, kama ilivyo karibuni na asanteni. Alamsiki ya watu wa pwani ina jina la Mungu ndani yake, kumtakia mtu jioni njema, na wengi wanaoitamka hawajui. "Bwana Yesu asifiwe" nimeisikia ikitumika kuomba chenji. Na Mbukwenyi yetu ya Kigogo, ambayo ni mbukwa ukiwa unamsalimia mmoja, imekuwa ya jukwaani: kila mgeni mwenye kipaza sauti akifika Dodoma anaanza nayo, watu wanashangilia, basi.

Shikamoo siwezi kuipita kimya, kwa sababu kila nikiandika kuhusu salamu kuna wanaonijia na hoja kwamba ni neno la utumwa na tuliache. Sawa, kuinama kumo. Nashika miguu yako: anayesema hivyo amejiweka chini, na sitajifanya sioni kwa nini kijana wa leo inamkwaza. Nakubali pia kwamba kuna watu wazima wanaoidai kama kodi. Lakini mtoto anayesema "shikamooni" kwa wajomba zake watatu ameshaweka "ni" pale mwisho, juu ya mguu wenyewe, wala hajui kama kuna mguu. Neno limeondoka lilikotoka. Hata kitenzi tunachokitumia, kuamkia, kilitokana na kuamka, na bado tunamwambia mtoto saa kumi jioni, "Nenda kamwamkie babu." Na jibu lake, marahaba, kwa Waarabu lina nafasi ndani yake, upana: umefika mahali pasipokubana. Mdogo anashuka, mkubwa anampa nafasi, kisha mkubwa huyohuyo anauliza, "Hujambo?" Zamu inarudi kwa mdogo. Ukikata shikamoo unakata na hujambo iliyokuwa inaifuata, na mimi hujambo ile ya shangazi yangu, anayoisema huku ameshika kiganja changu kwa mikono yake miwili, siko tayari kuibadilisha na "mambo".

Yule kijana hakumwamkia. Huenda alikuwa na wagonjwa sitini nje, najua hali ya vituo vyetu, na siku nzima kusalimia mpaka "ila" itoke si jambo dogo. Basi aache kusema habari. Angesema "Pole, mama, unasumbuliwa na nini?" ingemchukua muda uleule, na "nzuri" haiwezi kulijibu swali hilo.

Kesho yake tulikwenda kwingine. Nesi aliyetupokea ni mama mtu mzima, karibu miaka yangu na kumi. Alitoka nyuma ya meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Habari za Mvumi?"

"Nzuri." Shangazi akanyamaza. Nesi naye akanyamaza, akavuta kigoda, akakaa chini mbele yake.

"Nzuri," shangazi akarudia, "ila mguu huu, mwanangu, una wiki mbili."

Nesi akapandisha kitenge, akaushika mguu kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono mwingine akabonyeza juu ya kifundo, taratibu, akahesabu kimya. Alipoondoa kidole shimo likabaki pale, limezama, halijai. Akamwita daktari kwa jina, bila kuuachia mguu.