Antibiotiki, bakteria na masikio ya mjomba

"Kaka, kama antibiotiki inaua bakteria, mbona seli zetu haiziui? Na kama sisi haitugusi, kwa nini mjomba alichomwa sindano za masaa wodini, na sasa akitoka nje usiku anayumba kama mlevi?" (Msomaji, Masasi)

Kwenye benchi la duka la dawa hapa Mtwara mjini nimesikia kambi mbili zikibishana. Ya kwanza inasema dawa ni ya wadudu, mwilini inapita tu. Ya pili inasema sumu ni sumu, kinachoua kiumbe hai kimoja kitaua na kingine, kinachotofautisha ni kipimo. Nionavyo, kambi ya kwanza imeshinda kwenye amoksilini, na ya pili iko karibu na ukweli kwenye jentamisini, ambayo mara nyingi ndiyo huchomwa kwa masaa. Inategemea dawa inashika nini ndani ya bakteria.

Amoksilini hushika ujenzi wa ukuta. Ndani ya bakteria kuna msukumo mkubwa wa maji, na kinachomzuia asipasuke ni ukuta uliofumwa kwa minyororo ya sukari, iliyoungwa kwa vipande vifupi vya amino asidi. Mwenye baiskeli ataelewa haraka: tyubu ikijazwa upepo bila tairi huvimba hadi ikapasuka. Bakteria anapokua hulazimika kulikata tairi lake mwenyewe hapa na pale, apenyeze nyuzi mpya, kisha kimeng'enya kipite kikifunga mafundo. Kimeng'enya hicho hutambua pa kufunga kwa kuona amino asidi mbili za aina ya alanini zilizokaa pamoja mwishoni mwa uzi. Amoksilini, kama penisilini zote, ina umbo linalofanana na alanini hizo mbili. Kimeng'enya kinaishika kikidhani ni uzi, pete ya dawa inafunguka na kukiganda, na hakifungi fundo tena. Ukataji unaendelea, ufungaji umesimama. Tyubu inachomoza kwenye pengo, halafu inapasuka.

Seli ya binadamu haina tairi hilo wala kimeng'enya cha kulifunga. Dawa ikifika kwetu haina cha kushika. Ushahidi mzuri ni mikoplasma, bakteria anayeleta aina fulani ya nimonia na ambaye hana ukuta: amoksilini haimfanyi kitu, kwa sababu ileile inayotuokoa sisi. Madhara yake kwetu huja kwa njia nyingine. Kuna wanaopata mzio, na kuna wanaoharisha kwa sababu bakteria wema wa tumboni wameuawa pamoja na wabaya.

Kwenye ribosomu, ambako jentamisini hushika, hali si hiyo. Hii ni mashine inayosoma ujumbe wa jeni na kuunga protini, na sisi tunayo vilevile. Ya bakteria huitwa 70S, yetu 80S, namba zinazotokana na kasi ya kuzama kwenye mashine ya kuzungusha. Watu hutaja tofauti hiyo ya ukubwa kana kwamba ndiyo inayotulinda. Kwa jentamisini, kinachoamua hasa ni kidogo mno. Kwenye sehemu ya ribosomu ambapo ujumbe husomwa, nafasi ya 1408 ya uzi wake wa RNA, ambao huandikwa kwa herufi kama DNA, bakteria ana herufi A, na ribosomu yetu ya kawaida ina G. Palipo na A dawa inakaa barabara, mashine inaanza kusoma vibaya, na protini mbovu zinaivuruga seli hadi inakufa. Palipo na G haikai vizuri. Azithromisini nayo hutegemea herufi moja, nafasi nyingine, namba 2058. Hapo kambi ya pili inaanza kupata hoja, maana herufi moja si ngome.

Sipro iko katikati. Inashika jairesi, kimeng'enya kinachopunguza msokotano wa DNA kwa kukata nyuzi zake mbili, kupitisha kipande kingine kwenye pengo, na kuunga tena. Dawa hukibana kikiwa kimeshakata na hakijaunga, na DNA inabaki na mipasuko. Binadamu tuna binamu wa kimeng'enya hicho, naye hukata na kuunga vivyo hivyo. Sipro hukishika cha bakteria kupitia chembe ya magnesiamu inayoshikamana na amino asidi ambazo binamu yake hana. (Ndiyo maana ukiinywa pamoja na maziwa au dawa ya kiungulia, madini yake huikamata tumboni kabla haijaingia kwenye damu.) Wanaodhani binamu huyo hawezi kubanwa waangalie etoposidi, dawa ya saratani. Inafanya hila ileile, ila kwa kimeng'enya chetu.

Sasa mjomba. Mwilini kuna ribosomu nyingine, zilizo ndani ya mitokondria, vile vyumba vya seli vinavyotengeneza nguvu. Mitokondria zimetokana na bakteria wa kale walioingia na wasitoke, na ribosomu zao bado zina A kwenye nafasi ile ya 1408. Seli nyingi hazipati shida kwa sababu jentamisini haipenyi ndani kirahisi. Lakini seli za figo huivuta zenyewe zinapofyonza vitu kutoka kwenye mkojo, na seli za vinyweleo za sikio la ndani huipokea kupitia milango inayofunguka zinapotikiswa. Ikishaingia inakaa, na mitokondria si sehemu pekee inayoumia. Seli za figo huota upya. Seli zinazosikia sauti hazioti, na zile za mizani ya mwili ni kama hazioti.

Jentamisini hupenda zaidi sehemu ya mizani kuliko ya kusikia. Mtu anaweza kuzungumza nawe vizuri mchana, macho yakimsaidia kusimama, halafu gizani akaanza kushika ukuta. Maelezo yako yanafanana mno na hali hiyo, ingawa daktari ndiye wa kuthibitisha.

Kinachozidisha hatari ni siku nyingi za sindano na figo zilizokwishachoka, maana dawa hutoka kwa mkojo. Mtu wa kilo 60 anaweza kuandikiwa miligramu 80 kila baada ya saa 8, au 240 kwa mkupuo mmoja kwa siku. Jumla ni ileile, lakini mkupuo mmoja kwa kawaida huua bakteria vizuri na kuzipa figo nafasi ya kupumua, kwa kuwa uwezo wao wa kuivuta una kikomo. Kwa hiyo angalieni kwenye cheti alichomwa siku ngapi, na kama kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilipimwa.

Kuna jambo jingine adimu, na kwa huku Kusini ni rahisi kulieleza. Wapo watu ambao ribosomu ya mitokondria zao imebadilika herufi moja, nafasi ya 1555 kwenye DNA ya mitokondria, ikazidi kufanana na ya bakteria. Hao huweza kupoteza usikivu hata kwa sindano chache. Mitokondria hurithiwa kwa mama pekee, kama ukoo wa Wamakonde, Wamakua na Wayao wa jadi. Mjomba alizipata kwa bibi yako, mama yako vilevile, na wewe kwa mama. Watoto wa mjomba hawahusiki. Sidhani kuyumba kwake kumetokana na hilo, kwani mabadiliko hayo hupiga zaidi kusikia. Hata hivyo ulizeni kama kuna ndugu wa upande wa bibi aliyepata uziwi baada ya sindano. Kama yupo, yeyote kati yenu akilazwa na jentamisini ikatajwa, aseme mapema.

Mzee mwenyewe awekewe tochi karibu na kitanda, na njia ya chooni isiwe na vigoda. Ubongo hujifunza taratibu kutegemea macho na nyayo, lakini gizani macho hayamsaidii.