Bosi mwenye miaka 28, karani mwenye miaka 45: nani aamkie?

“Bosi wangu mpya ana miaka 28, mimi nina 45. Asubuhi tukikutana, shikamoo inatoka kwa nani?”

Kwa Tanzania, shikamoo inafuata umri na ukoo. Ndiyo maana shangazi aliyezaliwa baada yako bado anastahili shikamoo yako. Ukimtolea kijana kwa sababu ya kiti chake, wengi watahisi unamkebehi, na yeye mwenyewe atakosa pa kuweka uso. Kwa hesabu hiyo, bosi ndiye wa kuanza.

Wanaopinga wana hoja nzito, hata hivyo. Bosi akimwamkia karani shikamoo asubuhi, saa nne anamdai hesabu zilizochelewa, na wengine wanasema ulimi unakuwa mzito kumkemea aliyekuitikia marahaba. Tena katika chumba cha watu kumi, shikamoo kwa mmoja inawapanga wote kwa umri mbele ya wageni. Hoja hii ya pili naikubali kabisa. Ya kwanza naona haina nguvu, kwa sababu kinachobeba cheo ni jina la kuitia, wala si salamu.

Tazama wakikutana koridoni. Bosi: “Shikamoo mama.” Karani: “Marahaba, hujambo bosi?” Bosi: “Sijambo, habari za nyumbani?” Umri umepata haki yake kwenye marahaba, cheo kimepata yake kwenye neno “bosi”, na hakuna aliyeshushwa. Hapo “hujambo” inatoka kwa mkubwa. Kijana akimwanzia mzee kwa “hujambo”, amejiweka juu yake bila kujua. Kwenye kikao mambo yanageuka: “Habari za asubuhi” kwa wote inatosha, na shikamoo inabaki ya koridoni.

Na bosi asipoamkia? Usimngoje kwa kununa. Anza wewe, “Habari za asubuhi, bosi,” salamu isiyopima umri. Wazee wengine humtupia kijana “Hujambo?” ya makusudi, naye akishtuka anajibu “Sijambo, shikamoo.” Kwa mtoto wa jirani inafaa sana. Kwa bosi mbele ya watu, ni kumuumbua.

Ugumu wa kweli uko kwa waliokaribiana. Mwanamke wa miaka 33 akipewa shikamoo na wa 27 huenda akasema, “Unanizeesha.” Pengo likiwa dogo hivyo, “Habari dada” ni salama zaidi, na “Mambo” ingoje mpaka mmezoeana. Lakini aliyekwisha kupewa shikamoo aitikie marahaba kwanza, kisha aombe siku nyingine aamkiwe kwa “Habari”. Kuikataa papo hapo, au kuijibu “poa”, kunamwacha mwenzake ameinamisha heshima hewani.

Hesabu hii usiibebe nzima hadi Nairobi. Huko “Habari ya asubuhi” kwa mkubwa haimkosei mtu, na shikamoo ya kila siku husikika kwa nadra.