Kinga ya AS na watoto wanaoilipia

“Kama vinasaba vya selimundu vinakinga malaria, basi si vibaya kama tunavyoambiwa.”

Kuhusu kinga yenyewe sina ugomvi. Mwaka 1949 Anthony Allison alipima damu za watu Kenya, akakuta vinasaba hivi vimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu, ambako mbu hawakuwa tishio, ni vichache sana. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: malaria ndiyo inayovibakiza. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mtoto mwenye AS, yaani aliyerithi nakala ya selimundu, S, kwa mzazi mmoja na ya kawaida, A, kwa mwingine, ana uwezekano pungufu kwa takriban asilimia 90 wa kupata malaria kali kuliko mwenye AA. Ni kinga kubwa mno. Ninachohoji ni hesabu yake: nani anakingwa, na nani analipa?

Mwenye AS haepuki kuumwa na mbu wala kuambukizwa. Vimelea huingia katika seli nyekundu na kuanza kukua kama kawaida. Vikishakomaa, seli hiyo hunata kwenye kuta za mishipa midogo, mahali penye oksijeni haba. Hapo ndipo himoglobini S, ambayo kwa mwenye AS ni chini ya nusu ya himoglobini yote, inapoanza kujishikanisha, na ukuaji wa kimelea hukwama. Isitoshe, protini ambayo kimelea huitoa nje ya seli ili kunata haikai sawasawa, kwa hiyo mishipa ya ubongo haizibwi kirahisi. Wengu nao huziondoa mapema seli zilizoharibika. Mtoto anaweza kupata homa, akaonekana na vimelea kwenye kipimo, kisha akapona bila kuzimia wala kuishiwa damu.

Watu wengi wakisikia hayo husogea hatua moja mbele: kama S moja inakinga, mbili zinakinga zaidi. Hapana, na kosa hili linaua. Mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa wa selimundu, mara nyingi anaishi na himoglobini ya gramu 7 au 8 kwa desilita, wakati mwenzake mwenye afya ana 11 au zaidi. Wengu wake huharibika tangu utotoni. Malaria ikimpata, damu inayovunjwa inatoka kwenye akiba ambayo tayari ni ndogo, na ndani ya siku chache anaweza kuhitaji kuongezewa damu. Ndiyo maana penye malaria watoto hawa hupewa dawa za kuizuia hata wakiwa hawaumwi. Mzazi anayeamini mwanawe “ana kinga” atachelewa kumpeleka hospitali, na kwa mtoto huyu kuchelewa siku moja ni kwingi.

Sasa tuje kwenye gharama. Wachukue watoto 1,000 waliozaliwa mahali penye malaria ya mwaka mzima, enzi ambazo hakukuwa na dawa wala chandarua, na tuseme kati ya kila nakala 10 za jeni hii, 1 ni S. Wazazi wakioana bila kuchagua damu, watoto 810 watakuwa AA, 180 watakuwa AS na 10 watakuwa SS. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme SS wote 10 wanafariki kabla ya kuzaa, na malaria haiui AS hata mmoja. Malaria inapaswa kuua AA wangapi ili S ibaki palepale, 1 kwa 10? Jibu ni 90, mmoja katika kila tisa. Wanaobaki ni AA 720 na AS 180. Jumla ni watu 900 wenye nakala 1,800, na nakala 180 kati yake ni S. Kizazi kinachofuata kinaanza na mizani ileile.

Ondoa S kabisa katika jamii hiyo. Watoto wote 1,000 ni AA, mmoja katika kila tisa anafariki, nao ni kama 111. Ukiwa na S wanafariki 100: 90 kwa malaria, 10 kwa selimundu. Tofauti ni watoto 11 katika 1,000.

Hao 11 ndio wanaonirudisha kwenye hesabu hii kila mara. Ukisikia “kinga ya asilimia 90” unafikiria jamii iliyookolewa, kumbe faida halisi ya jamii nzima ni ndogo kiasi hicho. AS 20 waliopaswa kufa wameishi, na SS 10 ambao karibu wote wangeishi wamekufa. Aliyeokolewa si yule aliyelipa, na wala hawakuulizwa. Wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja: wazazi wawili wenye AS wana uwezekano wa robo, kila mimba, wa kupata SS, na wa nusu wa kupata AS.

Wanaoitetea S watasema, kwa haki kabisa, kwamba 11 ni wengi ukizidisha kwa vizazi mamia, na kwamba mwenye AS si mgonjwa na asiitwe mgonjwa. Nakubali yote mawili; madhara kwa mwenye AS, kama damu kwenye mkojo au matatizo akijichosha kupita kiasi bila maji, ni ya nadra. Ila wengine huongeza kwamba maumbile yalichagua njia bora. Hapo wananipoteza, maana njia ya bei nafuu ilikuwepo.

Afrika Magharibi, hasa maeneo ya Burkina Faso, kuna himoglobini C. Mwenye CC ana upungufu mdogo wa damu na wengu uliovimba kidogo, na kwa kawaida anaishi maisha yake. Utafiti wa Burkina Faso wa mwaka 2001 ulikuta AC wamepungukiwa na hatari ya malaria kwa asilimia 29, na CC kwa asilimia 93. Kwa nini basi C haijaenea kila mahali? Kwa sababu jeni inapokuwa mpya, karibu wote walio nayo wana nakala moja tu, na nakala moja ya C inasaidia kidogo wakati nakala moja ya S inasaidia sana tangu siku ya kwanza. Halafu penye S tayari, baadhi ya watoto huzaliwa SC, nao pia wanaumwa selimundu. Uteuzi wa asili haupangi bajeti ya vizazi vijavyo. Unamlipa anayeishi leo.

Malaria ikitokomea, deni haliondoki nayo. Katika mfano wetu, nakala 9 kati ya kila 10 za S ziko kwa watu wa AS, ambao hawaumwi na wanazaa kama wengine. Hata kama kila mwenye SS angekufa bila kuzaa, S ingehitaji vizazi 10 kupungua nusu tu, yaani kama miaka 250. Na kwa kuwa tunataka watoto wa SS waishi, wakue na wazae, itapungua polepole zaidi, jambo ambalo halinisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni mipango inayohesabu vyandarua na kusahau vipimo vya watoto wachanga: kadiri malaria inavyoshuka, watoto wa SS ambao zamani wangekufa kwa homa bila kujulikana wana nini wanafika miaka mitano, kumi, ishirini, na wanahitaji penisilini, haidroksiurea na kliniki ya kuwafuatilia.